Asilimia 80 Ambayo Haikuwapo

Mwishoni mwa muhula uliopita, nikiwa katikati ya kusahihisha majibu ya somo la historia ya katiba ya Tanzania, nilikutana na sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini. Ilidai kwamba Tume ya Nyalali iligundua kuwa asilimia 80 ya Watanzania walitaka mfumo wa vyama vingi. Kosa la mtu mmoja ningelipita, lakini niliikuta tena katika kijitabu cha pili, kisha cha tano, na nilipomaliza rundo zima nilikuwa nimehesabu vijitabu 11 vyenye sentensi hiyohiyo, karibu kwa mpangilio uleule wa maneno. Wenye vijitabu hivyo hawakuketi pamoja. Ilikuwa dhahiri kwamba wamekunywa kisima kimoja.

Ukweli, kama wasomaji wengi wa ukurasa huu wanavyojua, ni kinyume chake. Tume iliyoundwa na Rais Mwinyi mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipata kwamba asilimia 77 hivi ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 21 hivi tu ndio waliotaka vyama vingi. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi. Hapo ndipo penye mgogoro wote wa kisomo, na ndipo nilipotumia nusu saa nzima ya mhadhara wangu. Mwanafunzi anayegeuza tarakimu hiyo hajakosea takwimu peke yake. Ameondoa swali lenyewe. Kama wengi walitaka vyama vingi, basi hakuna cha kujadili.

Siku chache baadaye kiongozi wa darasa alinijia ofisini. "Shikamoo Dokta," alisema, kisha akaniwekea mezani bahasha yenye kadi zipatazo 90 zilizokatwa kutoka karatasi ya manila, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Zilikuwa zimetengenezwa na wanafunzi wawili kutokana na mhadhara wangu uliorekodiwa kwa simu, zikapigwa picha na kusambazwa katika kundi la Watsapu la darasa wiki moja kabla ya mtihani. Kadi ya 34 ndiyo iliyokuwa kisima.

Nikaomba maandishi yaliyozaa kadi hizo. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kosa lilivyotokea lina mafunzo kuliko kosa lenyewe. Wanafunzi walikuwa wameipitisha sauti kwenye programu inayogeuza maneno kuwa maandishi, na wakaiagiza isikilize Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha rasmi ya kufundishia chuoni. Lakini mimi, kama wahadhiri wengi wa nchi hii, nasoma dhana kwa Kiingereza na kuieleza kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye matokeo ya Tume nilitaja kwa Kiingereza asilimia 80, nikajisahihisha hapohapo kwa Kiswahili, "hapana, tuseme sabini na saba, ndio waliotaka chama kimoja kiendelee", kisha nikarudi kwenye Kiingereza kutaja vyama vingi. Programu iliandika vizuri vipande viwili vya Kiingereza. Kiswahili cha katikati ikakigeuza kuwa maneno yasiyo na maana, nao watengeneza kadi wakayafuta kama takataka. Kilichobaki ni asilimia 80 na vyama vingi, vimesimama jirani. Akili ya mtu aliyechoka usiku wa manane iliviunganisha.

Hii ndiyo hatari ya pekee ya kudurusu kwa maandishi ya mhadhara katika vyuo vyetu, na sijasikia ikisemwa. Sehemu ambayo mashine inaipoteza ndiyo sehemu ambayo mhadhiri alikuwa anafundisha. Fasili ya Kiingereza mwanafunzi angeweza kuipata kitabuni. Maelezo, mfano wa mtaani, masahihisho, "msije mkaandika hivi kwenye mtihani", hayo yote husemwa kwa Kiswahili, na ndiyo yanayokatwa. Mwanafunzi anabaki na mifupa ya mhadhara, akidhani ameshika mwili.

Wapo wenzangu ambao, baada ya kisa kama hiki, wangepiga marufuku kurekodi darasani. Sikubaliani nao. Kadi za maswali ni njia iliyothibitika. Wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kifungu mara nyingi walikumbuka zaidi dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki moja mizani iligeuka: waliosoma mara moja na kujijaribu mara tatu walikumbuka asilimia 61, na waliosoma mara nne bila kujijaribu asilimia 40. Kuisikiliza sauti yangu mara nne, kwa hiyo, humpa mwanafunzi hisia ya kujua ambayo humkimbia wiki inayofuata. Kujijaribu ndiko kunakojenga. Lakini kujijaribu kwa kadi yenye uongo kunajenga uongo kwa uimara uleule, na ndiyo maana wale 11 waliandika sentensi ile kwa kujiamini kukubwa.

Tulikaa na kiongozi wa darasa na wale watengeneza kadi wawili, tukairudia kazi upya kwa mhadhara huohuo wa dakika 50. Maandishi yake yalifika maneno 6,000 hivi. Jambo la kwanza nililowaomba ni kuyasoma huku sauti ikicheza, na kuweka alama mahali pawili tu: kila palipo na jina, mwaka au tarakimu, na kila maandishi yanapoacha kueleweka. Mahali pa namna ya pili hapafutwi. Panasikilizwa tena na kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili kama kilivyosemwa. Kazi hii ilichukua muda unaokaribia saa mbili. Ni muda mrefu, nakiri, lakini mtu aliyeimaliza tayari amedurusu nusu ya somo. Inafaa pia ifanywe siku ileile ya mhadhara, wakati kumbukumbu ya darasani bado inaweza kuishtaki mashine.

Tulikubaliana pia kuondoa sauti za wanafunzi wengine. Katika somo la siasa mtu huuliza darasani swali ambalo hakukusudia lizunguke nchi nzima kwenye simu za watu. Maandishi yanayosambazwa yabaki na mhadhara tu.

Kisha tukafika kwenye kadi. Zile 90 zilitokana na kanuni isiyotamkwa kwamba kila sentensi ni kadi. Nikawauliza: mhadhara huu ulikuwa unabishania nini? Baada ya kimya kidogo mmoja akajibu kwamba ulikuwa unauliza ikiwa wachache wanaweza kuwa na haki dhidi ya wengi. Naam. Basi kadi zianzie hapo. Tulimaliza na kadi 18, na nitaeleza tatu, kwa sababu zinaonyesha tofauti.

Kadi ya zamani iliuliza: ni asilimia ngapi walitaka vyama vingi? Hata kama jibu lingekuwa sahihi, swali hilo halimwandai mtu kwa mtihani wa insha. Kadi mpya inasema: "Tume ilipata kwamba wengi walitaka chama kimoja. Kwa hoja zipi ilipendekeza kinyume?" Nyuma yake kuna mambo mawili mafupi. La kwanza ni kwamba wachache wale walikuwa wengi kiasi cha kutopuuzwa. La pili, kwamba hata wengi waliotaka chama kimoja walitaka mfumo wake urekebishwe. Chini kabisa imeandikwa "dakika ya 31". Alama hiyo ya dakika ndiyo ningeisisitiza kuliko kitu kingine. Kadi yenye dakika inaweza kukaguliwa na yeyote anayeitilia shaka. Isiyo nayo inadai kuaminiwa tu. Kadi ya 34 ingekuwa na dakika yake, mmoja kati ya wale 11 angeisikiliza.

Kadi ya pili haiulizi chochote. Inasema: "Mwenzako anadai vyama vingi vilirejea mwaka 1992 kwa sababu wananchi wengi walivitaka. Mjibu." Mwanafunzi hutakiwa kujibu kwa sauti au kwa kuandika sentensi tatu kabla ya kugeuza kadi. Kugeuza mapema na kusema "aa, nilikuwa najua" ni kujidanganya, nasi sote tumewahi kufanya hivyo.

Ya tatu ni swali la kuchagua, la aina inayotumika katika majaribio ya kati ya muhula: mfumo wa chama kimoja uliwekwa kisheria nchini mwaka gani? Watengenezaji waliweka 1965 kama jibu, pamoja na 1884, 1945 na 2005. Hakuna anayeweza kukosa swali hilo. Majibu ya uongo yanapaswa kutoka katika makosa ambayo watu hufanya kweli. Tukaweka 1962, 1977 na 1992. Anayechagua 1962 anachanganya kuzaliwa kwa Jamhuri na katiba ya muda ya 1965. Anayechagua 1977 anachanganya kuungana kwa TANU na ASP na sheria ya chama kimoja, ambayo ilikuwapo miaka 12 kabla. Kwa hiyo hata kukosea kunamwambia arudi wapi.

Kuhusu ratiba sina mengi. Njia ya Sebastian Leitner, mwandishi wa habari wa Kijerumani aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972, inatosha, na maboksi matatu ya viatu yanaitosheleza. Kadi mpya huanza boksi la kwanza, linalopitiwa kila siku. Ukipatia inahamia la pili, la kila siku ya tatu. Ukipatia tena, la tatu, la kila wiki. Ukikosea inarudi la kwanza bila huruma. Kwa kuwa boksi la tatu linahitaji wiki, anayeanza siku nne kabla ya mtihani hana njia hiyo mkononi. Ana rundo la kadi tu.

Nami sikutoka bila deni. Kama ningesahihisha tarakimu yangu kwa lugha ileile niliyokosea, au ningeiandika ubaoni, kadi ya 34 huenda isingezaliwa. Muhula huu, kila mhadhara unapokwisha, nabandika karatasi moja yenye majina, miaka na tarakimu zote nilizotaja, na wanafunzi wanairekebisha kadi kwa kuilinganisha nayo. Suala la chuo kufundisha kwa lugha moja na kueleza kwa nyingine ni kubwa kuliko karatasi yangu, nami nitalirudia.

Wale 11 niliwakata alama za takwimu, kama haki inavyotaka. Lakini watatu kati yao, baada ya kuandika asilimia ile ya uongo, walisimama wakauliza katika aya iliyofuata: kama wengi hivyo walitaka vyama vingi, kwa nini Tume ilihangaika kujitetea? Walihisi kwamba kadi haiendani na hoja. Hao nimewaita ofisini, nao ndio wanaokagua kadi za darasa muhula huu.