Mtoto akivimba midomo kwa puto, ndizi na parachichi vinaingiaje?

NI sherehe ya kuzaliwa. Watoto wanapuliza maputo, na mmoja wao, mwenye miaka saba, anaanza kupiga chafya mfululizo. Baada ya dakika chache midomo imevimba na macho yamekuwa mekundu. Wakubwa wanasema ni vumbi, wananawisha uso, sherehe inaendelea.

Miezi minne baadaye mtoto huyohuyo anakula parachichi mezani kwao. Kabla hajamaliza anasema mdomo unawasha na koo linakereketa, kisha vipele vyekundu vinamtoka shingoni. Mama anashuku dawa za kuivishia matunda. Wiki mbili mbele inakuwa ndizi mbivu, na hali ni ileile. Cha ajabu, ndizi za kupika anakula bila shida.

Huu ni mfano tu, lakini madaktari wa mzio wanaujua vizuri. Puto, parachichi na ndizi ni kisa kimoja, na mwenye ufunguo wake ni mti wa mpira.

Mti unaojikinga

Mpira wa asili hutokana na utomvu mweupe wa mti uitwao kitaalamu Hevea brasiliensis, uliotoka Amerika Kusini na ambao hapa nchini umepandwa sehemu kama Kihuhwi, wilayani Muheza. Mgema akikwangua gome, utomvu unatiririka kama maziwa. Kwa mti huo, mkwaruzo ni jeraha, na jeraha ni mlango wa ukungu. Ndiyo maana utomvu umejaa protini za kujilinda. Moja iliyo nyingi sana ni heveini, ambayo hunasa kwenye ukuta wa seli za ukungu na kuuzuia usikue.

Mimea mingine nayo ina silaha ya aina hiyo. Ndizi, parachichi na chestinati (kokwa za kahawia ambazo Ulaya huchomwa na kuuzwa mitaani wakati wa baridi) zina protini iitwayo kitinasi, ambayo kipande chake kimoja kinafanana sana na heveini. Mimea hii haina undugu wa karibu. Parachichi ni wa ukoo wa mdalasini, chestinati ni wa ukoo wa mialoni, na mgomba hauna uhusiano na hao wote. Kinachofanana ni silaha tu.

Kwa hiyo si ule utomvu wa ndizi unaochafua nguo ndio wenye kosa, kama wengi wanavyodhani. Protini inayoleta shida imo ndani ya nyama ya tunda yenyewe.

Mwili unavyochanganya

Mtu mwenye mzio wa mpira ana kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya protini za utomvu ule. Kingamwili haisomi jina la tunda. Inatambua umbo. Ikikutana na kitinasi ya parachichi mdomoni, inaona umbo lilelile la heveini na kupiga kengele ya hatari. Seli za mwili zinamwaga histamini, na ndani ya dakika chache mtu anawashwa, anavimba au anabanwa kifua.

Mwaka 1994 madaktari wa Hispania walichapisha taarifa ya wagonjwa 25 wenye mzio wa mpira. Zaidi kidogo ya nusu walikuwa na mzio wa matunda pia, na yaliyoongoza yalikuwa parachichi, chestinati na ndizi, yakifuatiwa na kiwi na papai. Kwa jumla inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya wenye mzio wa mpira wanasumbuliwa na angalau chakula kimoja cha mimea.

Na ndizi za kupika? Watafiti wa Hispania walionesha baadaye kuwa joto huiharibu kitinasi hii, hivyo kingamwili haiitambui tena. Walionesha pia kwamba tunda linapoivishwa kwa gesi ya ethilini, kitinasi huongezeka. Mama wa mfano wetu hakukosea kabisa kutazama uivishaji, ila tatizo lilikuwa protini ya tunda lenyewe, si sumu ya dawa.

Hata hivyo, kupika si kinga ya uhakika. Chestinati zina protini nyingine inayostahimili moto. Mhogo, ambao ni wa familia moja na mti wa mpira, una protini yake inayofanana na nyingine ya utomvu, na visa vichache vya watu wenye mzio wa mpira kudhurika kwa mhogo uliopikwa vimeripotiwa Ureno, Hispania na Brazil.

Nani yuko hatarini

Turudi kwa mtoto wetu. Alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa na siku chache, akafanyiwa tena kuwekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, na tangu hapo mama yake humtoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kila siku. Watoto wa aina hii ndio wanaoongoza kwa mzio wa mpira, kwa sababu glovu na mipira ya hospitali imegusa nyama za ndani ya miili yao mara nyingi mno tangu wakiwa wachanga. Wanaofuata ni waliofanyiwa upasuaji mwingi kwa sababu nyingine, pamoja na wauguzi, madaktari na wafanyakazi wa viwanda vya mpira.

Si kila kitu cha mpira ni hatari sawa. Vitu vyembamba vinavyovutika, kama puto, glovu, kondomu na baadhi ya mipira ya mkojo, hutengenezwa kwa kuchovya kalibu kwenye utomvu, na hubakiwa na protini nyingi. Tairi na soli ngumu za viatu hubakiwa na kidogo sana. Glovu zenye unga ni mbaya zaidi, maana protini hushika kwenye unga na kuruka hewani, mtu akazivuta bila kugusa chochote. Marekani ilipiga marufuku glovu za unga hospitalini kuanzia Januari 2017.

Kuna tofauti moja ambayo mzazi anapaswa kuijua. Mikono inayokauka na kupasuka kwa sababu ya glovu na sabuni si mzio, ni ngozi iliyochoka. Upele unaotokea siku moja hadi tatu baada ya kuvaa glovu mara nyingi ni wa kemikali za kiwandani, na hauhusiani na matunda. Unaohusiana na ndizi na parachichi ni ule unaokuja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi: kuwashwa, vipele vilivyovimba, chafya, midomo kujaa, kifua kubana.

Usimnyime mtoto kila tunda

Kosa la kwanza la wazazi wengi ni kufuta matunda yote nyumbani. Orodha ya vyakula vinavyotajwa ni ndefu, na hakuna mtoto anayedhurika na vyote. Kanuni ni rahisi: chakula ambacho mtoto amekula mara kwa mara bila tatizo, aendelee nacho. Kilicholeta dalili, kisimame mpaka daktari atakapomwona.

Mama wa mfano wetu aandike kwenye daftari: alikula nini, kibichi au kilichopikwa, kiasi gani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, zilidumu muda gani. Daktari wa mzio atalinganisha maelezo hayo na kipimo cha damu au cha ngozi. Kwa matunda, mara nyingi huchoma tunda bichi kwa kisindano kisha huchoma ngozi ya mkono kwa kisindano hichohicho, na kutazama kama patavimba. Kipimo hiki hakifanyiki nyumbani.

Majibu nayo yasomwe kwa uangalifu. Wengi wenye mzio wa mpira huonekana na kingamwili za ndizi kwenye damu, ilhali wanakula ndizi kila siku bila kudhurika. Karatasi ya maabara peke yake haitoshi kumnyima mtoto chakula.

Swali la kuuliza kabla ya upasuaji

Hatari kubwa zaidi haiko jikoni. Iko kwenye chumba cha upasuaji na kwenye kiti cha daktari wa meno, ambako glovu zinagusa sehemu laini na mtoto, akiwa amelazwa usingizi, hawezi kusema kwamba koo linabana.

Ndiyo maana mama huyu, siku ya kupanga upasuaji mwingine, asisubiri aulizwe.

"Nesi, mwanangu akipuliza puto midomo inavimba. Na parachichi na ndizi mbivu zinamwasha," anaweza kusema.

"Mama, hilo tuliandike kwenye faili sasa hivi, na daktari wa usingizi aambiwe," ndilo jibu analotakiwa kulipata.

Wakishajua, hutumia glovu na mipira isiyotokana na utomvu, kama ya naitrili au silikoni, na mara nyingi humweka mtoto wa kwanza asubuhi, kabla hewa ya chumba haijachafuliwa na glovu za wengine. Nyumbani pia, mpira wa mkojo uwe wa silikoni au plastiki.

Njia hiyo ina upande wa pili. Mtoto ambaye ndizi mbivu na parachichi vinamletea vipele, lakini hajawahi kushukiwa mpira, aulizwe kuhusu maputo na glovu kabla ya kufanyiwa upasuaji. Si wote wenye mzio wa matunda wana mzio wa mpira, lakini swali halina gharama.

Dalili zikiwa kali

Kuwashwa mdomo peke yake mara nyingi hupita. Lakini mtoto akianza kupumua kwa mluzi, sauti ikakwaruza, akatapika mfululizo huku vipele vinatoka, au akalegea na kupauka, hiyo ni dharura. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na inatolewa mapema iwezekanavyo. Piritoni hupunguza muwasho, lakini haifungui njia ya hewa wala kurudisha presha iliyoshuka, hivyo usikae nyumbani kusubiri ifanye kazi.

Njiani kwenda hospitali, alazwe chali na miguu iinuliwe. Kama anapumua kwa shida, akae. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata akisema amepata nafuu. Na mkifika, mwambie anayewapokea jambo moja kabla hajavaa glovu: mtoto huyu ana mzio wa mpira.