Barua ya Karani wa Isaka na Jibu Lisilo na Hesabu



Imetufikia nakala ya barua aliyoiandika karani mmoja wa Isaka kwa meneja wake, pamoja na jibu alilopewa. Mwajiri hatutamtaja, wala mwenye barua, kwa kuwa shauri lao halijakwisha. Karani huyu ni Mwislamu, naye hufanya kazi katika ghala moja la bandari kavu, pale shehena za Rwanda na Burundi zinaposhushwa kutoka gari moshi na kupakiwa katika malori. Aliandika hivi: “Naomba kwa unyenyekevu nipewe nafasi ya kutimiza ibada zangu za kila siku, na ruhusa katika sikukuu zote za dini yangu.” Akajibiwa hivi: “Kazi haingoji swala. Nikikupa wewe, kesho kila mtu atakuja na dini yake.” Majuma mawili baadaye alikutwa akiswali nyuma ya ghala, saa saba na dakika kumi za mchana, akapewa barua ya onyo kwa kuwa mapumziko yalikuwa yamekwisha saa saba kamili.

Twasema wazi ya kwamba jibu lile ni baya. Lakini hatutamficha ndugu yetu: barua yake nayo ilikuwa dhaifu. Mtu aombaye “nafasi” bila kutaja dakika amemwachia meneja azihesabu mwenyewe, na meneja huhesabu kwa hofu. Amesikia ya kuwa Mwislamu huswali mara tano, akaona moyoni mwake karani akiondoka mezani mara tano, na malori yamejipanga hadi barabarani. Laiti mmoja wao angalishika kalamu na kuhesabu, onyo lile lisingaliandikwa.

Basi na tuhesabu sisi. Kazi ya ghala lile huanza saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi saa sita na nusu. Ukitoa saa moja ya mapumziko katika kila siku ya zile tano, zapatikana saa 45 kwa juma, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Katika swala tano, Alfajiri huswaliwa kabla karani hajatoka nyumbani. Magharibi na Isha humkuta amekwisha rudi. Alasiri huingia Isaka yapata saa kumi, nayo wakati wake huendelea hadi karibu na kuchwa kwa jua, basi mtu atokaye kazini saa kumi na nusu aweza kuiswali nyumbani bila haraka. Imebaki Adhuhuri peke yake. Swala moja, pamoja na kutawadha, ni dakika 15. Hizo ndizo “ibada za kila siku” zilizomtisha meneja.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nacho hakumo katika barua wala katika jibu. Mapumziko ya ghala lile ni saa sita hadi saa saba mchana. Ratiba hiyo yafaa sana Dar es Salaam. Lakini saa za nchi nzima zimepangwa kwa mstari mmoja wa longitudo ya 45, ulio mashariki ya pwani yetu, na jua halisomi ratiba. Kila digrii moja kwenda magharibi hulichelewesha jua kwa dakika 4. Dar es Salaam iko karibu na digrii 39, Isaka karibu na digrii 33. Kwa hiyo jua hupita utosini Isaka yapata dakika 25 baada ya kupita Dar es Salaam. Karani wa Dar es Salaam huipata Adhuhuri kati ya saa sita na dakika 7 na saa sita na dakika 37, kwa kufuata majira ya mwaka. Kila siku amebakiwa na dakika 20 na zaidi za mapumziko. Karani wa Isaka, mwanzoni mwa Novemba huipata saa sita na dakika 32 hivi. Lakini katikati ya Februari haiingii mpaka saa saba imepita kwa dakika mbili. Yaani mwezi huo mapumziko yake hufungwa kabla wakati wa swala haujafunguliwa. Mtu mmoja, dini moja, ratiba moja: mmoja huitwa mfanyakazi mwema na mwenzake hupewa onyo, na tofauti yao ni safari ya gari moshi tu.

Je, dawa yake ni ghali? Yasogezwe mapumziko kwa nusu saa, yawe saa sita na nusu hadi saa saba na nusu. Sheria, katika kifungu cha 23, yampa mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Na tangu saa moja na nusu hadi saa sita na nusu ni saa tano barabara. Hata Februari karani atabakiwa na dakika 28. Mwajiri hapotezi hata dakika moja. Wala hatudai lisilowezekana: kifungu hicho hicho chamruhusu mwajiri kumtumia mtu wakati wa mapumziko ikiwa kazi haiwezi kuachwa bila mwangalizi wala kufanywa na mwingine. Lori likiwa juu ya mizani, karani amalize kulipima. Adhuhuri ina nafasi ya saa tatu, haikimbii.

Ijumaa ni jambo jingine, maana swala ya jamaa haiahirishwi. Khutuba huanza saa saba ikiwa imepita kidogo, watu hutawanyika yapata saa saba na dakika 35, na msikiti uko mwendo wa dakika 10 kutoka ghalani. Karani atarudi saa saba na dakika 45. Amezidisha dakika 15, naye atazilipa siku hiyo hiyo kwa kutoka saa kumi na dakika 45. Yatosha.

Dakika hizi si mchezo, na wako waliopotewa na kazi kwa ajili yake. Huko London mwalimu mmoja, Bwana Iftikhar Ahmad, aligombana na mwajiri wake kwa dakika 45 za kipindi cha Ijumaa mchana. Aliambiwa achukue ajira ya siku nne na nusu badala ya tano, kwa mshahara uliopungua. Akakataa, akaacha kazi, akashitaki. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 1977, ingawa jaji mmoja, Scarman, hakukubaliana na wenzake. Na Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikamkatalia mwaka 1981. Jambo moja lililomwangusha ni kwamba alipoajiriwa hakusema neno juu ya Ijumaa, wala kwa miaka kadhaa baadaye. Anayeanza kazi leo na aandike leo.

Sasa sikukuu. Ndugu yetu aliomba “ruhusa katika sikukuu zote”, na hapo aliomba kidogo na kupita kiasi kwa pamoja. Idd el Fitr, Idd el Haj na Maulidi ni siku za mapumziko ya taifa. Haziombwi kama hisani. Na atakayefanya kazi siku hizo, kifungu cha 25 chataka alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Wengi wetu hawalijui hili, na wapo mameneja wanaofurahi kuona hatulijui. Lakini siku nyingine za dini, ambazo si za taifa, hazina haki hiyo. Hali kadhalika ndugu wanaofuata mwezi ulioandama nchi nyingine, wakatangulia kuswali Idd siku moja kabla ya kutangazwa hapa. Hao wasidai sikukuu. Waombe siku moja ya ruhusa yenye malipo, nayo ikatwe katika siku zao 28 za likizo ya mwaka. Kifungu cha 31 chairuhusu njia hiyo, mwajiri akikubali.

Na lile neno la meneja, ya kwamba kila mtu atakuja na dini yake? Wamekwisha kuja, Bwana. Sheria yataka saa 24 za mapumziko kwa juma, wala haikuitaja Jumapili. Ni mazoea yaliyoichagua, na karani Mkristo hakuhitaji kuandika barua. Hatumwonei wivu. Katika ghala lile lile makarani Wakristo wamesema wako tayari kushika zamu za Idd, na wenzao Waislamu washike za Krismasi na Pasaka. Meneja hakuwauliza.

Tumemsaidia ndugu yetu kuandika upya. Twaichapa hapa ili mwenye haja aige, akibadili saa kwa kadiri ya mahali pake:

“Bwana Meneja, kwa heshima. Naomba mapumziko yangu yahamishwe kutoka saa 6.00–7.00 yawe saa 6.30–7.30, kwa kuwa hapa Isaka wakati wa Adhuhuri huingia kati ya saa 6.32 na saa 7.02. Saa za kazi hazitapungua. Siku ya Ijumaa naomba kurudi saa 7.45 na kutoka saa 10.45. Mwenzangu wa meza ya pili amekubali kupokea hati za malori katika robo saa hiyo, nami nitampokea wakati wake. Kuhusu Idd el Fitr, kwa kuwa siku yategemea mwandamo, nitaleta mwezi mmoja kabla tarehe mbili ziwezekanazo, pamoja na jina la atakayeshika zamu katika kila moja. Ikiwa ombi hili haliwezekani, naomba nielezwe kwa maandishi ni kazi ipi itakayoharibika. Naomba pia onyo nililopewa liangaliwe upya.”

Angalieni sentensi ile ya kuomba sababu kwa maandishi. Sheria haikuandika popote kwamba mwajiri lazima atoe muda wa swala, na anayewaambia imeandika anawadanganya. Iliyoandika, katika kifungu cha 7, ni kwamba mwajiri asimbague mtu kwa dini yake, wazi wala kwa njia ya mzunguko. Ratiba inayowabana watu wa dini moja, ilhali kuibadili hakugharimu kitu, yahitaji sababu. Meneja akiwa nayo aiandike. Asipokuwa nayo, karatasi itasema.

Nasi kwetu tuna la kujilaumu. Wako wanaoaga kwenda kuswali wakaonekana kwa muuza kahawa, na mmoja wa namna hiyo humharibia jina mwenzake aliyetawadha kweli. Wako pia wanaotoweka siku ya Idd bila kuandika mstari, kisha hushangaa kukatwa mshahara wa siku ya pili, ambayo ghala lao lilikuwa limewapangia zamu.

Barua ya pili ilipelekwa Jumatatu iliyopita, na nakala yake imepigwa mhuri wa kupokelewa. Mgogoro usiohusu kufukuzwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Onyo lile lina siku 23 sasa.