Bafu lako linanuka kwa sababu kuna mtu alifunika dakti

Ukiingia bafuni asubuhi na harufu ya vitunguu vya jirani wa chini ikusalimu kabla hujashika mswaki, usikimbilie dukani kununua dawa ya kupuliza. Na usikubali ile hadithi ya keateka kwamba wewe ndiye mchafu. Panda kwanza hadi juu ya jengo, uangalie dakti imefunikwa vipi.

Naongea kama mtu aliyekaa na kuvu mwaka mzima. Naishi ghorofa ya nne, ya juu kabisa, katika fleti moja hapa Nairobi. Bafu langu, kama ya wengi wenu, halina ukuta wa nje. Lina kidirisha kidogo karibu na dari kinachotazama dakti, ule mwanya wa katikati ya jengo unaopitisha mabomba. Dari ilikuwa imepiga madoa meusi, taulo haikauki, na kila nikilalamika naambiwa, "Kijana wangu, fungua dirisha." Jameni, dirisha lilikuwa wazi siku zote! Hapo ndipo nilipaswa kushtuka mapema.

Sikumaliza chuo, kwa hivyo nitakueleza vile nilivyoelewa mwenyewe. Hewa yenye joto na mvuke wa shawa ni nyepesi kuliko hewa baridi, hivyo hupanda. Mkioga nyote, dakti hujaa hewa ya aina hiyo. Ikiwa juu kuko wazi, hewa inatoka na kuacha nafasi, na nafasi hiyo inavuta hewa nyingine kutoka kwa bafu zenu. Hakuna feni, hakuna tokeni za stima. Kadiri umbali kutoka kidirisha chako hadi mdomo wa dakti unavyokuwa mrefu, ndivyo mvuto unavyokuwa na nguvu.

Sasa funika mdomo huo. Hewa ya watu wa chini bado inapanda, lakini ikifika juu haina pa kutokea. Itafanya nini? Itatafuta tundu la kwanza, na tundu hilo ni kidirisha changu. Kumbe mwaka mzima bafu langu ndilo lilikuwa dohani la jengo zima. Watu wa chini walikuwa sawa kabisa, hawakuelewa mimi nalia nini. Ndiyo maana mara nyingi malalamiko haya hutoka ghorofa za juu, na ndiyo maana keateka, ambaye kwa kawaida hukaa chini, hakuamini.

Kujua upande hewa inakoenda ni rahisi. Washa kijiti cha udi, ukishike karibu na kidirisha cha bafu, mlango ukiwa umefungwa. Moshi ukielekea kwenye dakti, uko poa. Ukirudi ndani kukupiga usoni, unapokea hewa ya wengine. Jaribu usiku au asubuhi na mapema, wakati nje kuna baridi. Mchana wa jua kali, hewa iliyo ndani ya dakti inaweza kuwa baridi kuliko ya nje, nayo ikashuka badala ya kupanda. Ukipima saa nane mchana mwezi wa pili utalaumu dakti isiyo na kosa.

Nilipopanda paani na fundi wa ploti, mzee mmoja mpole, tulipata bati limelazwa juu ya mdomo wa dakti na kuzungushiwa simiti pande zote. Nikamuuliza, "Mzee, mbona mlifunga hivi?" Akanijibu mvua ilikuwa inaingia, njiwa nao wakataga mayai mle ndani. Sababu zote mbili ni za kweli, sikatai. Lakini kuzuia mvua hakuhitaji kuzuia hewa. Unaliinua bati juu ya nguzo fupi, kando kando unaacha wazi.

Liinuliwe kiasi gani? Dakti yetu ina upana wa sentimita 60 kwa 90, yaani eneo la sentimita mraba 5,400. Ukizunguka ukingo wake unapata sentimita 300. Kwa hivyo bati likiinuliwa sentimita 18, nafasi ya pembeni inalingana na mdomo wenyewe. Tukakubaliana sentimita 30, kwa sababu waya wa kuzuia ndege unakula nafasi. Na uwe waya wa matundu makubwa. Ule wa mbu hushika vumbi, na baada ya miezi kadhaa unakuwa kama ukuta. Bati nalo litokeze nje ya ukingo ili mvua ya upepo isipige ndani.

Kama ulisoma shule yenye choo cha shimo chenye bomba refu lililopita paa, ushaiona kanuni hii. Mtindo huo ulianzia Zimbabwe miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba unalivuta, hewa inaingia kwa mlango wa choo, inashuka shimoni, harufu inatokea juu. Hakuna aliyewahi kuziba bomba hilo halafu akashangaa choo kinanuka.

Lakini angalia tena hicho choo: hewa inaingia mahali. Hapa sisi wapangaji tuna makosa yetu. Unafunga mlango wa bafu, chini umesukuma tambara kuzuia maji, halafu unataka hewa itoke kwa dirisha. Itatoka vipi kama hakuna inayoingia? Mlango wa sentimita 70 ukikatwa sentimita 2 chini unakupa nafasi ya sentimita mraba 140, karibu sawa na tundu la sentimita 12 kwa 12. Inatosha kuanza.

Stoo ya ndani ni hivyo hivyo. Ile ya chini ya ngazi inayoozesha viatu na kuotesha kuvu kwenye gunia la mahindi huwa na tundu moja, au haina kabisa. Toboa mawili, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari, hata kama ni kwenye mlango wenyewe. Usisukume gunia hadi ukutani.

Mambo mawili dakti haitatibu. Harufu ya maji taka inayotoka sakafuni kawaida ni mtego wa maji uliokauka. Mwaga maji kikombe kizima kwenye kishimo cha bafu kabla hujamlaumu mtu. Na usiwashe jiko la makaa bafuni au stoo ukidhani hewa itavutwa. Mvuto huu ni mdogo, na gesi ya makaa inaua bila harufu.

Bati letu liliinuliwa mwezi uliopita. Watu wa chini wanasema bafu zao zinakauka haraka sana. Yangu imepata afueni, moshi wa udi sasa unatoka, lakini polepole, kwa sababu kutoka kidirisha changu hadi mdomo ni kama mita moja tu. Ukuta wa dakti ungeongezwa mita tatu juu ya paa, umbali wangu ungekuwa mara nne na hewa ingetoka kama mara mbili. Landilodi anasema hiyo ni pesa ya mawe. Mimi nasema ni nafuu kuliko kupaka rangi dari kila Januari, na barua nimeshamwandikia, majirani sita wakatia sahihi.

Na kama unahama mwisho wa mwezi, usilipe dipoziti kabla hujamwomba keateka ufunguo wa paa. Akikataa, nenda na kijiti cha udi.