GE Kwa Kontena Si Ujerumani, Wasee

Anti yangu anauza mitumba ya watoto Daraja Mbili, hapa Kisii mjini. Mwezi uliopita mtu anayemletea bale alimtumia picha kwa WhatsApp. Picha ni ya mlango wa kontena ya kijani iliyochakaa kidogo, na pale juu upande wa kulia kumeandikwa GESU na namba. Chini ya picha jamaa akaandika: "Mathe, mzigo ni wa Ujerumani. Si unaona GE?" Kwa sababu ya hiyo "Ujerumani" alitaka elfu nne zaidi kwa bale moja.

Anti akaniletea simu. "Wewe uko kwa mtandao kila saa. Hii ni ukweli?"

Nikaangalia sekunde tatu hivi, nikasema ndiyo. GE, Germany, inaingia kabisa. Akalipa.

Bale ilipofunguliwa, vibandiko vya kufulia vilikuwa vimeandikwa Kichina, karibu nguo zote. Nguo hazikuwa mbaya, tusidanganyane. Lakini anti alilipa bei ya Ujerumani, na wateja wake wa Daraja Mbili hawalipi bei ya Ujerumani ukiwaletea mzigo wa China. Hiyo elfu nne ilitoka kwa faida yake, na mimi ndiye nilipiga muhuri. Kwa hivyo leo nataka kurudisha deni langu kwa kuwaeleza zile herufi ni za nini, kwa sababu nimeona huu mchezo wa picha ya kontena ukichezwa kutoka Kisii mpaka Keroka mpaka Nyamira.

Kila kontena inayosafiri kwa meli ina herufi nne na namba saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena. Zinasajiliwa na ofisi moja iliyo Paris inayoitwa BIC, ambayo imekuwepo tangu 1933. Kampuni ikiwa na makontena yake, inachagua herufi tatu ambazo hazijachukuliwa na mwingine, inalipa, inaandikishwa. Hakuna mtu anauliza makontena yatabeba nini wala yatatoka wapi. Hata wewe ukiwa na kontena zako kumi hapa Nyamira, unaweza kuandikisha herufi zako.

Herufi ya nne, ile U ambayo unaiona karibu kila mahali, si Uingereza na si Yu-Es-Ei. Inaonyesha tu kwamba hiki kitu ni kontena ya mizigo. Chesi au trela ya kubebea kontena ingekuwa na Z mahali pa U.

Fikiria matatu. Ukiona jina la sako limeandikwa ubavuni, unajua gari linasimamiwa na nani. Hujui abiria wa kiti cha nyuma alipanda Sotik ama Narok. Na ukisema huyo abiria lazima ametoka mahali sako ilisajiliwa, watu watakucheka stejini. Kwa kontena tunafanya kosa lilelile, tofauti ni kwamba hakuna wa kutucheka.

Sasa turudi kwa GESU yetu, kwa sababu hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Hiyo GE ni ya General Electric, ile kampuni kubwa ya Marekani. Mwaka 1998 General Electric iliungana na kampuni nyingine iliyoitwa Sea Containers, wakaanzisha GE SeaCo, kazi yake ikiwa kukodisha makontena. Mwaka 2011 biashara hiyo ikanunuliwa na kundi la HNA kutoka China, na baadaye ikaitwa tu Seaco, makao yake yakiwa Singapore. Herufi kwa mlango zilibaki GESU.

Yaani katika herufi hizo nne kuna historia ya Marekani, China na Singapore. Ujerumani haimo kabisa.

Na bado hata tukijua mwenye kontena, hatujajua chochote kuhusu mzigo. Kampuni kama Seaco haibebi mizigo. Inakodisha masanduku kwa kampuni za meli, mara nyingi kwa miaka kadhaa. Kampuni ya meli ndiyo inaamua sanduku liende wapi, na inalipeleka kokote kwenye mteja. Mwezi huu linajazwa vigae India, linashushwa Mombasa, linaondoka na mzigo mwingine au tupu, halafu baadaye linajazwa nguo China. Milango ni ileile na herufi ni zilezile, lakini mzigo unabadilika kila safari.

Kuna wale watasema, "Sawa, hiyo ni ya kukodisha, lakini kama herufi ni za kampuni ya meli yenyewe je?" Haya, chukua MSCU. Hizo ni za MSC, na ni kati ya herufi utakazoona sana kwa malori yanayotoka Mombasa. Makao makuu ya MSC yako Geneva, Uswisi. Uswisi haina hata bahari. Kama herufi zingekuwa zinaonyesha nchi ya mzigo, basi Kenya ingekuwa inaagiza nusu ya vitu vyake kutoka nchi isiyo na pwani.

Mtego mwingine uko chini kidogo ya namba. Utaona kitu kama 22G1 au 45G1, na kuna msee atakuambia hiyo G ndiyo Germany yenyewe. Hapana. Hiyo inaeleza ukubwa na aina ya kontena. 22G1 ni kontena ya kawaida ya futi ishirini, na 45G1 ni ya futi arobaini iliyo ndefu kidogo kwenda juu. G inamaanisha kontena ya mizigo ya kawaida, si ya friji na si tangi.

Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu kuna mahali wabishi wana nusu ya hoja. Makontena ya zamani yalikuwa na herufi za nchi kweli, kama GB au US, karibu na namba za ukubwa. Bado unaweza kuyaona, hasa yale yaliyostaafu yakageuzwa maduka ya hadwea na vibanda vya M-Pesa. Lakini hata hizo zilikuwa zinaonyesha nchi ambako herufi za mwenyewe ziliandikishwa. Hazikuwahi kuzungumzia mzigo ulio ndani. Na ile sahani ya chuma iliyopigiliwa mlangoni, yenye tarehe ya kutengenezwa, inahusu sanduku lenyewe na usalama wake. Makontena mengi duniani yametengenezwa China, kwa hivyo ukiifuata hiyo sahani, kila kitu kitakuwa cha China, hata mtungi wa Tabaka.

Tena wacha tugeuze hii stori, kwa sababu sisi pia tunatuma vitu. Majani ya chai yanachumwa kule Kebirigo au Nyansiongo, yanasindikwa kiwandani, yanapakiwa kwa mifuko na kupelekwa Mombasa kwa mnada. Mnunuzi akishalipa, chai inaingizwa kwa kontena pale Mombasa, na nyingi inaenda Pakistan. Sasa fikiria kijana wa Karachi amesimama nje ya ghala, anaona MSCU, anamwambia shangazi yake, "Hii chai ni ya Uswisi." Mama yako ameamka saa kumi na moja kuchuma hayo majani kwa baridi ya Nyamira, halafu sifa zinaenda Geneva! Ingekuuma. Basi ndivyo tunavyofanya na mizigo ya wengine.

Swali la maana basi ni hili: nini kinaonyesha mzigo umetoka wapi? Makaratasi. Ya kwanza ni hati ya shehena, ile ambayo kampuni ya meli inampa mwenye mzigo. Ina namba ya kontena, namba ya sili, na bandari ambako mzigo ulipakiwa. Kama jamaa wa anti angeonyesha hati yenye GESU ileile na bandari ya Hamburg, hapo tungeanza kuongea. Kwa mitumba kuna pia cheti cha kupuliza dawa, ambacho hutolewa huko mzigo unakotoka kabla haujasafiri. Mwenye kuagiza mzigo anakuwa na hivi vitu, kwa sababu bila makaratasi kontena haitoki bandarini. Kama anayekuuzia amenunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, anaweza kukosa hati kwa nia njema kabisa. Lakini basi asikutoze elfu nne kwa jambo ambalo hata yeye hawezi kulithibitisha.

Unaweza pia kuingiza namba ya kontena kwa tovuti ya kampuni ya meli iliyoibeba. Itakuonyesha safari ya karibuni, ilipakiwa wapi na ikashuka wapi. Hapa kuna mitego miwili. Kontena ya kukodi kama GESU haikuambii ni kampuni gani ya meli imeibeba, lazima uulize. Na picha ikiwa ya mwaka jana, hiyo kontena sasa iko kwa safari nyingine, kwa hivyo utasoma habari za mzigo wa mtu mwingine.

Kuna wajanja wameshajua kuhusu namba ya mwisho, ile iliyochorewa kisanduku. Hiyo inatokana na hesabu ya herufi na namba zilizotangulia, ili karani akikosea kuandika, kompyuta imshike. Ikikubali, maana yake namba imenakiliwa vizuri. Haithibitishi kwamba kontena iko kwa huyo muuzaji, wala kwamba bale yako ilikuwa ndani yake.

Msimamo wangu ni huu: picha ya mlango wa kontena isitumike kupandisha bei ya bale. Muuzaji akikuambia "ya Ujerumani", mwambie akutumie picha ya hati ya shehena, afunike bei yake kama anaona aibu, lakini aache namba ya kontena na bandari zionekane. Akikataa, lipa bei ya bale ambayo hujui imetoka wapi.

Anti nilimweleza haya yote Jumapili baada ya chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo elfu nne yangu utanirudishia lini?"

Nimeshalipa elfu moja.