UKURASA WA NYUMBANI: Karatasi ya dada kwa Papa

Leo tunawaletea habari ya nyumbani kwetu, kwa sababu wengi wenu mna wazee waliosafiri, na simu zenu zinauliza maswali kama ya kwetu.

Papa yetu alihamia Marekani mwaka 2017. Miaka yote hiyo aliishi na dada yetu, na dada ndiye alikuwa anapika. Mwaka huu akapata chumba chake mwenyewe, na ndani ya chumba kuna maikrowevu. Dada anafanya kazi ya usiku, kwa hiyo anapika Jumamosi, anagawa chakula katika mabakuli, anaweka kwenye friji.

Jumamosi moja akafika, akamkuta mzee anakula maharage ya baridi. Kumbe ni wiki mbili anakula hivyo! Alikuwa anabonyeza 2, halafu START, akifikiri ni dakika mbili. Machini ilikuwa inahesabu sekunde mbili, inalia, inanyamaza. Siku ya kwanza tena alikuwa ameweka kile kikombe chake cha bati alichotoka nacho hapa kambini, cheche zikaruka, akaogopa. Kuuliza aliona haya. Mtu aliyelea watoto saba aulize namna ya kupasha maharage?

Dada hakumcheka. Aliandika karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji. Ametutumia nakala, na tunaiandika hapa kama ilivyo:

"Shikamoo Papa. Kwanza bonyeza TIME COOK, halafu namba tatu nilizoandika, halafu START. Namba ya kwanza ni dakika, mbili za mwisho ni sekunde. Kwa hiyo 2-0-0 ni dakika mbili.

Chai au maziwa, kikombe kimoja: 1-3-0. Usijaze, maziwa yanapanda. Koroga kabla ya kunywa.

Wali, bakuli moja: nyunyiza kijiko kimoja cha maji, funika kwa sahani, 1-3-0.

Ugali, kipande kama ngumi: kikate vipande viwili, funika kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, 1-0-0. Geuza, kisha 0-3-0.

Maharage, bakuli moja: funika, yanaruka. 2-0-0, koroga, tena 1-0-0.

Sombe, bakuli moja: 1-3-0, koroga, tena 1-0-0.

Kiazi kitamu kibichi, kimoja cha kadiri: kioshe, kitoboe kwa uma mara sita, 3-0-0. Geuza, tena 2-0-0. Kiache dakika mbili, kinaendelea kuiva.

Yai na ganda lake usiweke hata siku moja, linapasuka. Kikombe chako cha bati kiwe cha maji ya kunywa tu. Ukiona cheche au moto, usifungue mlango. Bonyeza STOP, chomoa waya.

Papa, chakula kikiwa bado baridi, kosa si lako. Ongeza 0-3-0."

Hiyo ndiyo karatasi. Tulimuuliza dada kwa nini kukoroga kumerudiwa mara nyingi. Akatueleza hivi: sufuria kwenye mkaa inapata moto kutoka chini. Maikrowevu haina moto. Mawimbi yake yanaingia kwenye chakula kutoka pande zote na kuchemsha maji yaliyomo, lakini yanaingia sentimita mbili au tatu tu. Basi maharage ya pembeni yanachemka, na ya katikati bado ni ya friji. Ukionja ya pembeni unadanganyika. Koroga, kisha angalia katikati: moshi utoke hapo pia. Ugali haukorogeki, ndiyo sababu unakatwa na kugeuzwa. Na chuma kinarudisha mawimbi, hayapiti kufikia chakula. Bakuli liwe la kioo au la udongo wa kuchoma, lisilo na mstari wa dhahabu.

Jambo moja zaidi kwa watakaonakili. Saa hizi ni za machini ya wati 1,000, na chakula kimetoka kwenye friji. Nguvu imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au ndani ya mlango. Kama ni wati 700, ongeza karibu nusu dakika kwa kila dakika moja. Na mabakuli mawili kwa pamoja yanataka muda zaidi; ni heri kupasha moja moja.

Jumapili iliyopita mzee alitupigia simu mwenyewe. Hakusema habari ya karatasi. Alisema tu kwamba amekula sombe ya moto, na kwamba kiazi cha kule hakina utamu kama cha Uvira. Tulicheka wote. Wiki mbili alikuwa hajalalamika juu ya chakula, na sasa tunajua ni kwa nini.

Kama mzee wenu yuko peke yake huko, msimuulize kama anajua maikrowevu. Atasema anajua. Muulizeni jana amekula nini, na kama kilikuwa cha moto.