Kabla ya kukodi fremu, kahesabu waliokuta mlango umefungwa

Jamani, kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaojiita wasomi. Mtu kamaliza chuo, ajira hakuna, kapata mtaji kidogo kwa shangazi. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuandika mchanganuo wa biashara wenye kurasa ishirini. Ukifungua ukurasa wa washindani unakuta jedwali zuri sana: Mshindani A, bei juu. Mshindani B, huduma mbaya. Mshindani C, hana mtandao. Halafu mwandishi anajipa nafasi yake mwenyewe: "Sisi tutakuwa na bei nafuu na huduma bora."

Samahani, huo ni uongo wenye mistari ya jedwali. Muulize B anafunga saa ngapi, hajui. Muulize wateja wangapi wanaingia kwa A kati ya saa saba na saa tisa mchana, hajui. Aliandika akiwa kitandani.

Nalisema kwa ukali kwa sababu mtu wangu wa karibu alitaka kufungua stesheneri Sinza, kwenye mtaa wenye wanafunzi wengi wa vyuo, na jedwali lake lilikuwa hivyo hivyo. Mpango ulikuwa wote watoze shilingi 200 kuprinti ukurasa, yeye atoze 150. Kodi ya fremu ilitakiwa miezi sita mbele. Nilimwomba asilipe kwanza, akazunguke mtaa wiki mbili. Alichokikuta hakikufanana na jedwali hata kidogo, na ndicho nataka mkisome.

Kwanza, washindani ni akina nani? Mtu anayetaka kuprinti kurasa nne hapandi daladala kuifuata printa. Anatembea dakika tano, basi. Kwa hiyo alianzia mlango wa fremu, akatembea dakika tano kila upande, akaandika kila sehemu inayoprinti. Alipata tatu. Zile stesheneri kubwa za barabara kuu alizokuwa amezijaza kwenye mchanganuo hazikuwa washindani wake hata kidogo. Lakini alisahau mmoja: kijana wa hosteli mwenye printa chini ya kitanda, anayepokea kazi kwa wasapu. Huyo hana kibao wala leseni, lakini anakula kwenye sahani hiyo hiyo. Ukihesabu vibao tu umejidanganya.

Pili, saa. Hapa ndipo watu wengi wanapochemsha, kwa sababu wanasoma saa kwenye kibao. Duka la kwanza limeandika saa 1 asubuhi. Alipita pale siku sita za kazi, halikufunguliwa hata siku moja kabla ya saa 2 na robo. La pili vivyo hivyo. La tatu linafungua saa 3, ila linakaa mpaka saa 4 usiku, na Ijumaa linafunga mchana kwa ajili ya sala. Mpango wake wa "tutafunga usiku sana" ukafa hapo hapo, maana usiku una mwenyewe tayari. Lakini kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi mtaa mzima hauna printa iliyowashwa.

Je, hilo ni pengo? Hapana, bado. Naomba tuelewane hapa, maana ndiyo hoja yangu kubwa. Sehemu ambayo hakuna anayeuza inaweza kuwa pengo au inaweza kuwa jangwa. Tofauti utaijua kwa kuwatafuta waliotaka wakakosa. Kwa hiyo akanunua chai na chapati kwa mama ntilie aliye mkabala na yale maduka mawili, akahesabu watu waliofika mlangoni, wakakuta kufuli, wakaondoka. Wastani ulikuwa watu 14 kwa asubuhi, wengi na mkoba mgongoni na simu mkononi, wanataka kuprinti kazi ya kuwasilisha darasani saa 2. Hao ndio pengo.

Linganisha na printa ya rangi. Katika maduka yote matatu hakuna aliyekuwa nayo, na kwenye jedwali ilionekana kama dhahabu. Alikaa ndani ya duka moja mchana mzima akisubiri zamu yake na kusikiliza wateja wanaomba nini. Hakuna hata mmoja aliyetaja rangi. Hilo ni jangwa, na mashine ya rangi ingelala pale ikikausha wino.

Tatu, bei. Usisome bei ukutani, nunua. Beba kazi ile ile, kurasa nne kwenye simu, uipeleke kila duka na ulipe kama mteja mwingine yeyote. Wote waliandika shilingi 200 kwa ukurasa. Lakini duka moja lilitoza 500 zaidi "ya kufungua faili", lingine halikuwa na chenji likampa peremende, na la tatu lilimweka dakika ishirini kwa sababu kompyuta ni moja na kuna mtu anachapiwa barua. Bei halisi za maduka hayo hazikuwa sawa, ingawa vibao vilikubaliana. Na malalamiko ya wateja hayakuwa kuhusu ile 200. Yalikuwa kuhusu ile 500 na kuhusu foleni.

Sasa twende kwenye hesabu, maana wengi wanaikimbia. Kwa bei alizonunulia yeye, karatasi na wino vilikula kama shilingi 45 kwa ukurasa. Akiuza 200 anabaki na 155. Kufungua asubuhi mapema kungemgharimu kama shilingi 3,000 kwa siku, yaani nyongeza ya msaidizi pamoja na umeme. Gawanya 3,000 kwa 155, unapata kurasa 20 ndipo gharama irudi. Katika wale 14, tuwe wachoyo, tuseme wataingia nusu tu: watu saba, kurasa nne kila mmoja, ni kurasa 28. Zinabaki shilingi 4,340. Toa 3,000, faida ni 1,340 kwa asubuhi. Si utajiri, lakini imesimama kwa miguu yake.

Rudi sasa kwenye mpango wake wa 150. Akiuza 150 anabaki na 105 tu. Ili apate ile ile 4,340 inabidi aprinti kurasa 42 badala ya 28. Yaani amepunguza bei kwa robo, lakini anahitaji kazi zaidi kwa nusu. Na hizo kurasa 14 za ziada atazitoa wapi, wakati anayekuta mlango wazi saa 1 asubuhi hana pa kwenda kulinganisha bei? Huyo mteja hakuomba punguzo. Aliomba mlango.

Halafu kuna jirani. Bei ni kitu rahisi kuliko vyote kuigwa: jirani anafuta 200 kwa kitambaa, anaandika 150, imekwisha kabla ya adhuhuri. Mwanauchumi Harold Hotelling aliandika mwaka 1929 kuhusu wauzaji wawili kwenye barabara moja, jinsi kila mmoja anavyovutwa kusogea katikati mpaka wanasimama mgongo kwa mgongo. Mwaka 1979 wenzake watatu, d'Aspremont, Gabszewicz na Thisse, walionyesha kasoro ndani yake: wakisogeleana mno huku wanauza kitu kile kile, kila mmoja ana sababu ya kumkata mwenzake bei, na hakuna mahali pa kutulia. Sinza hawajasoma karatasi hizo, lakini wanaziishi.

Nasikia mtu anasema, mbona Kariakoo maduka ya simu yamebanana na bado yanauza? Hoja nzuri. Kariakoo mteja anatoka mbali kwa makusudi ili alinganishe. Anataka kuona vitenge vya maduka kumi kabla hajachagua. Kwa bidhaa ya kulinganisha, kukaa karibu na mshindani kunakuletea wateja. Lakini hakuna anayezunguka maduka kumi kutafuta fotokopi iliyomkosha. Ukichukua akili ya Kariakoo ukaipeleka kwenye printa ya mtaani, unafilisika kwa heshima zote.

Swali la mwisho, na ndilo linalorukwa kabisa: kwa nini pengo lipo? Wale wenye maduka si wajinga. Aliwauliza, kistaarabu tu, kama jirani mtarajiwa. Mwenye duka la kwanza ni mama anayepeleka watoto shule kila asubuhi. Huyo hawezi kufungua saa 12 na nusu bila kuajiri mtu, na hataki. La pili lina kijana mwajiriwa aliye tayari saa 1, lakini ufunguo anao bosi, na bosi anatoka Mbagala. Hapo pana hatari. Siku bosi atakapoona wateja wanakwenda kwingine, anakabidhi ufunguo, na pengo linapungua ndani ya wiki moja. Kwa hiyo hesabu ifanywe na bosi akiwa ameshaamka. Akichukua wateja watatu kati ya saba, wanabaki wanne, kurasa 16, na hizo hazifiki zile 20. Ndiyo maana nafasi yake haikuweza kuwa saa peke yake. Ilibidi awe mlango wa asubuhi ambao pia hautozi ile 500 ya kufungua faili na una kompyuta ya pili ili anayeprinti asisubiri anayechapiwa barua. Kuiga saa ni ufunguo tu. Kuiga vyote vitatu ni pesa na tabia.

Tahadhari mbili, kisha nawaacha. Alihesabu wiki mbili, na zote vyuo vilikuwa wazi. Likizo ikifika, wale 14 wanakuwa kwao Moshi na Mbeya. Nilimshauri arudi kwa mama ntilie aliyemkalia na kumuuliza chai inauzwaje chuo kikifungwa, maana huyo ana kumbukumbu za miaka. Akaambiwa inashuka sana. Basi gharama ya asubuhi ilipwe miezi ya masomo tu, na likizo afungue saa 2 kama wenzake.

Ya pili, kujua bei ya jirani ni haki yako, kukubaliana naye bei si haki yako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ya kupanga bei. Mkikaa kwenye benchi mkasema "wote tuuze 250", mnafanya kosa, hata kama mnacheka.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaofundisha vijana kuandika michanganuo, futeni lile jedwali la A, B na C. Wekeni badala yake karatasi tupu yenye maswali matatu: nani alikuta mlango umefungwa, alilipa kiasi gani kweli, na kwa nini jirani hajaziba pengo hilo. Asiyeweza kuyajibu asipewe hata senti ya kodi ya fremu.