Saa Moja Iliyopotea Kwenye Dawati

Karatasi ya gharama inayobishaniwa inasema hivi. Dawati moja: mbao na misumari 45,000, fundi saa 4 kwa 2,500, yaani 10,000, gharama za karakana 9,000. Jumla shilingi 64,000. Mhasibu aliyeiandaa ameitetea kwa hoja tatu. Nimezisoma zote kwa makini, na hakuna hata moja inayosimama.

Kwanza anasema hesabu imekubali: jumlisheni wenyewe, mtapata 64,000. Kweli tunapata. Lakini kujumlisha hakupimi kama tarakimu zinazojumlishwa zinaelewana. Juu ya karatasi hiyohiyo ameandika kwamba kodi, umeme na mshahara wa msimamizi ni 18,000,000 kwa mwezi, na saa za mafundi ni 6,000. Gawanya: kila saa ya kazi inabeba 3,000. Dawati linalokula saa 4 lilipaswa kubeba 12,000. Hiyo 9,000 ni ya saa 3. Fundi kalipwa saa 4, karakana imehesabiwa saa 3, na dawati ni lilelile.

Hoja ya pili ndiyo yenye akili, kwa hiyo tuipe nafasi yake. Anasema saa ya nne ni ya kupiga msasa na vanishi kwa mkono. Haigusi mashine, basi isitwishwe mzigo wa mashine. Sawa, tumkubalie. Lakini zile saa 6,000 amezipata wapi? Ni madawati 1,500 mara saa 4, msasa ukiwemo. Saa hiyo ameitumia alipogawanya, ikamshushia kiwango, kisha akaitupa alipozidisha. Akitaka saa 3 tu, agawanye kwa 4,500. Kiwango kitapanda hadi 4,000, na 4,000 mara 3 ni 12,000 ileile aliyoikimbia. Kama karakana ingetengeneza vitanda pia, kubadili msingi wa kugawia kungehamisha mzigo kutoka bidhaa moja kwenda nyingine. Hapa kuna madawati peke yake. Mzigo hauna pa kwenda.

Tatu, eti pengo la 3,000 kwa kila dawati ni dogo na litarekebishwa mwisho wa mwaka kwenye akaunti ya gharama ambazo hazikufyonzwa. Zidisha kwa madawati 1,500: ni 4,500,000 kila mwezi, robo nzima ya gharama za karakana. Akaunti hiyo ipo kwa ajili ya mwezi ambao umeme umekatika na madawati yametoka 1,300, au bili imezidi makadirio. Huyu anapungukiwa hata mwezi ambao kila kitu kimekwenda kama alivyopanga. Na mteja hangoji Desemba. Amepewa bei ya 66,000, ambayo karatasi inaiita faida ya 2,000. Gharama halisi ni 67,000. Lori la kwanza limeshaondoka na madawati 200, kila moja likiwa na hasara ya shilingi elfu moja.